Kipimo kimepita, sumu imebaki: dhana potofu kuhusu ubora viwandani

Ingia katika kinu chochote cha unga eneo la Viwandani, Nairobi, uulize ni nani anayeshughulikia ubora. Utaelekezwa maabara. Huko utamkuta kijana aliyevaa koti jeupe, mita ya unyevu mkononi, na nje lori linamsubiri. Dhana karibu zote potofu kuhusu jambo hili zinatoka hapo, kwa hiyo tulifuate lori lenyewe.

Dhana: Kudhibiti ubora na kuhakikisha ubora ni kazi moja.

Ukweli ni kwamba ni kazi mbili, na zinauliza maswali tofauti. Udhibiti wa ubora huuliza kuhusu kitu kilichopo mbele yako: je, mahindi haya yanafaa? Paketi hii ina kilo 2 kamili? Uhakikisho wa ubora huuliza kuhusu njia: tunanunuaje, tunapokeaje, tunasagaje, na kwa nini tuamini kwamba hata paketi ambayo hakuna mtu atakayeipima itakuwa salama? Anayedhibiti hunasa kosa lililokwisha kutendeka. Anayehakikisha huziba mwanya wa kosa kabla halijatendeka. Kiwanda kinahitaji wote wawili, lakini vingi vimemwajiri wa kwanza na kudhani vimempata wa pili pia.

Dhana: Kipimo kikipita, shehena nzima ni salama.

Hii ndiyo hatari zaidi, kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme lori limeleta magunia 300 ya kilo 90, yaani tani 27. Kiwango kinachotumika Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na aflatoksini, ile sumu ya ukungu, isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Magunia 297 ni safi kabisa. Matatu yalianikwa vibaya yakaota ukungu, na kila moja lina mikrogramu 600 kwa kilo.

Mpokeaji anachukua bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli guniani, na kuchoma magunia 20 bila kuchagua. Uwezekano wa kuyakosa yote matatu ni asilimia 81. Akijitahidi achome 100, bado kuna asilimia 29 ya kuyakosa. Huo si uzembe wake. Ndivyo hesabu ilivyo pale sumu inapojificha katika magunia machache, na tabia ya aflatoksini ni hiyo hasa: punje chache hubeba sumu nyingi na jirani zake hazina kitu.

Mtu atasema, basi achome yote 300, achanganye, apime mara moja. Afanye hivyo, na kipimo cha aflatoksini kitamsomea 6, kwa sababu mikrogramu 600 mara 3, ukigawa kwa 300, ni 6. Chini ya 10. Lori limepita kihalali, na sumu imo ndani.

Sasa tuingie kinuni. Kinasaga tani 3 kwa saa, na maabara huchukua paketi moja kila saa. Magunia yale matatu, ambayo yamekaa pamoja kwenye lori, ni kilo 270, nayo huisha kwa dakika tano na ushee. Uwezekano wa paketi ya saa hiyo kuangukia dakika hizo haufiki hata 1 kati ya 10. Mahindi hujichanganya kidogo ndani ya silo, na hilo hupunguza makali, lakini hakuna awezaye kuapa kwamba yamechanganyika vya kutosha. Jikoni nako hakuna wokovu, maana moto wa kupikia ugali hauiondoi aflatoksini. Mwaka 2004, Makueni na Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hii na 125 wakafariki. Wengi wao walikula mahindi ya kawaida ya nyumbani kwao.

Dhana: Basi kuhakikisha ubora ni kuongeza vipimo.

Wakati mwingine ni kubadilisha kanuni moja tu. Chukua lori lilelile, lakini safari hii kila muuzaji huandika alama yake kwenye magunia tangu ghalani, na kanuni inakataza kuchanganya sampuli za wauzaji wawili. Magunia 300 yanakuwa mafungu 10 ya magunia 30. Kila gunia linachomwa, sampuli za fungu zinasagwa zote kwanza ndipo zigawanywe, kisha zinapimwa. Fungu lenye magunia matatu mabaya sasa linasoma 60. Linarudishwa, mengine tisa yanapokelewa. Kifaa ni kilekile na kijana ni yuleyule. Kilichobadilika ni utaratibu, na vipimo 10 kwa lori si gharama ya kutisha mwenye kinu.

Kisha kazi inarudi nyuma zaidi, kwa yule muuzaji. Alianika wapi? Mvua ilimkuta lini? Hapa inafaa kukumbuka kwamba mahindi makavu si lazima yawe salama: kuyakausha huzuia ukungu kuendelea, hakufuti sumu iliyokwisha kutengenezwa, na mara nyingi sumu huanzia shambani wakati wa ukame. Ndiyo maana KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, hutengeneza Aflasafe KE01 kule Katumani, Machakos, inayomwagwa shambani kabla mahindi hayajakomaa ili ukungu usio na sumu uuzidi nguvu ule wenye sumu. Kinu kinachonunua kwa bei ya chini tu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, hakiwezi hata kumuuliza mkulima wake kama aliitumia. Mmarekani W. Edwards Deming, aliyekwenda kuwafundisha Wajapani mwaka 1950, alikuja kulisisitiza jambo hili: usitegemee ukaguzi wa mwisho, na usimchague muuzaji kwa bei peke yake.

Dhana: Usimamizi wa ubora wa jumla, yaani ubora unaosimamiwa na kampuni nzima, ni kumhimiza kila mfanyakazi awe makini.

Mabango ya "Ubora ni jukumu la kila mtu" yamejaa kuta za viwanda. Sidhani kama yamewahi kurudisha hata gunia moja. Mwangalie tena yule mpokeaji. Malori saba yako kwenye foleni hadi barabarani, madereva wanapiga honi, meneja anapiga simu kwamba kinu kinakaribia kukaa bila mahindi, na marupurupu ya mwezi yanahesabiwa kwa tani zilizosagwa. Katika hali hiyo, ni nani atakayekaa na mafungu 10? Atachoma magunia machache ya ukingoni, yale ambayo bambo linayafikia, na aandike "sawa".

Kumwita ofisini na kumpa barua ya onyo hakutaleta mabadiliko, kwa kuwa atakayeketi kiti chake atafanya vivyo hivyo. Kinachohitajika ni mwenye kinu kuyatenganisha marupurupu na tani, kumpa mpokeaji mamlaka ya kukataa fungu bila kuomba ruhusa, na kila mwezi kukaa na daftari la mafungu yaliyokataliwa aone ni muuzaji gani anajirudia. Daftari lisilo na fungu lililokataliwa miezi mitatu mfululizo, hasa baada ya mavuno ya mvua, linatakiwa kumtia wasiwasi.

Dhana: Cheti cha ISO 9001 kinathibitisha kwamba unga ni salama.

Hapana. Cheti hicho hukagua mfumo wa usimamizi wa kampuni, na hakiruhusiwi kuonyeshwa kana kwamba ni sifa ya unga uliomo ndani ya paketi. Bidhaa yenyewe ina alama yake, ile ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ambayo hutolewa kwa bidhaa moja moja na kwa muda maalumu, na namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi ukajibiwa ni ya nani.