"Kwa hiyo": hiyo ipi?

Chukua sentensi mbili: "Mvua imenyesha. Juma amebaki nyumbani." Zikikaa hivyo, msomaji hajui zinahusianaje, anajikisia tu. Sasa weka neno katikati. "Mvua imenyesha, kwa hiyo Juma amebaki nyumbani": hapa Juma ni mtu wa kuogopa kulowa, au kazi yake haifanyiki kwenye maji. "Mvua imenyesha. Hata hivyo, Juma amebaki nyumbani": ghafla Juma amegeuka mkulima aliyekuwa akiisubiri mvua hiyo, na tunashangaa mbona hajachukua jembe. Mvua ni ileile na nyumba ni ileile, lakini tumeonyeshwa Juma wawili tofauti.

Hicho ndicho kiunganishi cha mantiki: neno au kifungu kinachomwambia msomaji sentensi hii inasimamaje mbele ya ile iliyoitangulia. Huenda ni tokeo lake, huenda ni sababu yake, huenda inaivunja, huenda inaiongezea jambo la aina moja nayo. Kiunganishi ni dai. Ukiandika "kwa hiyo" umedai kwamba jambo la pili limetokana na la kwanza, na dai hilo linaweza kuwa la kweli au la uongo kama dai lingine lolote.

Wengi wetu hatukufundishwa hivyo. Nilipokuwa kidato cha pili tulipewa orodha ya viunganishi, tukaibandika ndani ya jalada la daftari, na insha yenye "aidha", "vilevile" na "kwa upande mwingine" ilipata alama kuliko isiyo nayo. Tukawa tunavinyunyiza kama chumvi. Leo nahariri ripoti na makala za watu, na chumvi ile bado naikuta.

Njia ya kujua kama kiunganishi kinafanya kazi au ni pambo imo ndani ya Kiswahili chenyewe. Tazama jinsi maneno haya yalivyoundwa: kwa hiyo, hata hivyo, licha ya hayo, zaidi ya hayo, baada ya hapo, ndiyo maana. Yote yana ile -o ya mwisho, ya huyo, hiyo, hayo. Shuleni tunaambiwa kwamba "huyu" ni wa karibu, "huyo" wa mbali kidogo, "yule" wa mbali zaidi. Ni kweli ukiwa umesimama na mtu unamnyooshea kidole. Kwenye maandishi, -o hiyo ina kazi nyingine: inasema "ninayemtaja ni yule uliyekwisha kumsikia". Ukisoma "mzee huyo alikataa", unarudi nyuma kumtafuta mzee.

M.A.K. Halliday na Ruqaiya Hasan, walipochambua mshikamano wa matini za Kiingereza mwaka 1976, waligawa nyenzo zake katika makundi matano: urejeleaji, ubadilishaji, udondoshaji, viunganishi na mshikamano wa msamiati. Kwao urejeleaji na viunganishi ni makundi mbalimbali. Kwa Kiswahili makundi hayo mawili yanakutana mara nyingi ndani ya neno moja. "Kwa hiyo" ni kiunganishi, lakini ndani yake mna "hiyo", yaani sababu hiyo au hali hiyo, ila nomino imedondoka. "Hayo" ni mambo hayo. "Hapo" ni wakati au mahali hapo.

Basi kipimo ni swali la mtoto: hiyo ipi? Hivyo vipi? Hayo yapi? Ukiweza kurudi kwenye sentensi iliyotangulia na kuweka kidole juu ya hiyo, kiunganishi kimeshika. Usipoipata, umekuta pambo.

Tukijaribu kwenye kitu cha kweli, tuchukue aya ya aina ninayoipokea kila mwezi. Hii nimeitunga mwenyewe, nisimuumbue mtu. Ni ripoti ya kikundi cha kuweka na kukopa cha wavuvi na wachuuzi wa samaki:

"Wanachama wengi hawakurejesha mikopo mwezi wa Aprili. Aidha, mvua za masika zilikuwa kubwa. Hata hivyo, samaki walikuwa wachache sokoni. Kwa hiyo, ngarawa hazikutoka. Vilevile, kamati ilikutana tarehe 10 Mei na kuwaongezea wanachama siku 30."

Ukiisoma harakaharaka inapita. Ina sauti ya ripoti. Sasa uliza. "Hata hivyo, samaki walikuwa wachache": hivyo vipi? Mvua kubwa. Je, mvua kubwa ingemfanya mtu atarajie samaki wengi sokoni, mpaka uchache wao uwe mshangao? La, wavuvi hawaingii baharini bahari ikichafuka, kwa hiyo uchache ni jambo la kutarajiwa. "Hata hivyo" hutaka matarajio yaliyovunjika, na hapa hakuna kilichovunjika. "Kwa hiyo, ngarawa hazikutoka": kwa hiyo ipi? Kwa uchache wa samaki sokoni? Mwandishi ameipindua. Ngarawa hazikutoka, ndipo samaki wakawa wachache.

"Aidha" ni ngumu kuikamata, kwa sababu haina -o. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya "pia", sawa na "lakini" na "bali" zilizotoka hukohuko, na halina mkono wa kushikia sentensi iliyopita. Kwa maneno ya namna hii swali hubadilika kidogo: pia nini? Kuongeza kunataka vitu viwili vya fungu moja. Kutolipa mikopo na kunyesha kwa mvua si vya fungu moja. Kimoja ni shida ya kikundi, kingine ni chanzo cha shida hiyo. "Aidha" imefunika sababu ikaifanya ionekane habari ya ziada. Hili ndilo kosa ninalolikuta kuliko mengine yote: mwandishi anajua kwamba mambo mawili yanahusiana, hajajiuliza yanahusianaje, anaweka neno la kuongeza kwa sababu halina hatari. (Na kuna wanaoandika "aidha uje au ukae" kwa maana ya "ama uje au ukae". Hao wamelipa neno kazi ambayo "ama" inaiweza tangu zamani.)

Aya ile nikiipanga upya inakuwa hivi:

"Mwezi wa Aprili wanachama wengi hawakurejesha mikopo, kwa sababu hawakuwa na mapato. Masika yalichafua bahari, ngarawa zikakaa ufukweni, samaki wakaadimika sokoni. Kutokana na hali hiyo, kamati ilikutana tarehe 10 Mei ikawaongezea siku 30."

Viunganishi vimepungua, mantiki imeongezeka. "Hali hiyo" sasa ina pa kwenda: ni bahari iliyochafuka na yote yaliyofuata. Nimeipenda zaidi kuliko "kwa hiyo" mahali hapa, kwa kuwa nomino yake haikudondoka. Msomaji haombwi kukisia. Unaweza kufanya vivyo hivyo na "uhaba huo", "uamuzi huo", "kuchelewa huko". Nomino moja inayokusanya yaliyosemwa, na -o nyuma yake, mara nyingi hushika kuliko kifungu cha kwenye orodha ya daftari.

Tena angalia kilichojitokeza. Mambo yakishakaa kwenye mstari wake, unaona nafasi ya "hata hivyo" ya kweli. Tuseme wachuuzi watatu walikuwa na akiba ya dagaa wakavu. "Hata hivyo, wachuuzi watatu waliokuwa na akiba ya dagaa wakavu walirejesha kwa wakati." Hivyo vipi? Pamoja na samaki kuadimika. Tulitarajia wote wakwame, watatu hawakukwama. Kiunganishi kimepata kazi.

"Kwa hiyo" ina mtego mmoja zaidi, na huu huwanasa hata waandishi wazuri. Linganisha: "Daraja limebomoka, kwa hiyo daladala hazipiti" na "Taa zimezimwa, kwa hiyo wamelala." Geuza kila moja kwa "kwa sababu". "Daladala hazipiti kwa sababu daraja limebomoka": sawa. "Wamelala kwa sababu taa zimezimwa": hapana, hawakulazwa na swichi. Katika ya pili, taa si sababu ya usingizi, ni sababu ya mimi kuamini kwamba wamelala. Matumizi yote mawili ni Kiswahili halali. Tatizo huja msomaji anapopewa dalili akaisoma kama chanzo: "Maduka mengi yamefungwa, kwa hiyo hali ya uchumi ni mbaya." Je, kufungwa kwa maduka kumeharibu uchumi, au kunatuonyesha kwamba umeharibika? Ukimaanisha la pili, sema: "jambo linaloonyesha kwamba".

"Ndiyo maana" nayo hufananishwa na "kwa hiyo", ila zinatazama pande tofauti. "Daraja limebomoka, ndiyo maana daladala zimechelewa" husemwa kwa mtu aliyekwisha kuona kwamba zimechelewa na anataka kujua kwa nini. "Kwa hiyo" humletea tokeo ambalo huenda hakulijua. Ukianza na "ndiyo maana" juu ya habari mpya, msomaji anahisi ameruka ukurasa.

Kisha kuna kiunganishi ambacho hakikuwa kwenye orodha yetu, kwa sababu si neno. Ni -ka-. "Alifika, akasalimia, akaketi." Kiambishi hicho kinashona vitendo kwa mfuatano, na hakihitaji "kisha" wala "halafu" kila mahali. Lakini -ka- inatoa mfuatano tu. Usababishi msomaji hujiongezea mwenyewe, na huuongeza upesi. "Alikula uyoga akafa." Nani atakayesoma hapo asione sumu?

Ndiyo sababu huwa nasimama kila ninapoikuta kwenye habari za ajali. Wakati mmoja nililetewa sentensi hii: "Lori lilipita kwa kasi, mwendesha bodaboda akaanguka." Nikampigia mwandishi. Je, lori lilimgusa? Hapana. Lilimwangusha kwa upepo? Mashuhuda hawakusema hivyo. Wamesema nini? Kwamba waliona lori, kisha wakamwona kijana yuko chini, na barabara ilikuwa na mchanga. Tukaandika: "Mashuhuda wanasema lori lilipita kwa kasi muda mfupi kabla ya mwendesha bodaboda kuanguka. Mahali hapo barabara ilikuwa na mchanga." Hatukuweka -ka- wala "kwa hiyo" kati ya lori na kijana.