Bajeti ya andiko la mradi: asilimia imepigwa juu ya nini?

Jumla kuu ya bajeti ikikataa kulingana na safu za miaka, wengi hujumlisha upya kila kitu. Kabla ya hapo, angalia mstari wa gharama zisizo za moja kwa moja, yaani fungu la taasisi kwa umeme, ulinzi, uhasibu na mengineyo. Kila mfadhili ana kanuni yake. NIH, taasisi ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, kwa mfano, hulipa taasisi zilizo nje ya nchi hiyo asilimia 8 ya gharama za moja kwa moja baada ya kuondoa baadhi ya gharama, zikiwemo za vifaa vikubwa. Hicho kipande cha mwisho ndicho husahaulika.

Tuchukue mradi wa utafiti wa miaka 3 unaoombwa huko. Gharama za moja kwa moja ni dola 60,000 mwaka wa kwanza, ndani yake friji ya maabara ya 10,000. Mwaka wa pili ni 45,000, wa tatu 40,000. Mwaka wa kwanza asilimia 8 inapigwa kwenye 50,000 tu, tunapata 4,000. Miaka inayofuata ni 3,600 na 3,200. Fungu la taasisi linakuwa 10,800, na jumla kuu 155,800.

Sasa mwandaaji mwingine kachukua jumla ya miaka yote, 145,000, akapiga asilimia 8, akapata 11,600. Safu za miaka zinasema 10,800. Tafadhali usifute tarakimu moja ili ifanane na nyingine. Chukua ile tofauti ya 800, igawe kwa 0.08: inatoka 10,000, bei ya friji. Kosa limejitaja lenyewe.

Asilimia ikishakaa sawa, jumlisha kwa njia mbili: miaka yote kwenda kulia, na mistari yote kwenda chini. Kwenye Excel, kama miaka iko B hadi D, mistari ya gharama ni wa 4 hadi wa 11, jumla ya kila mstari iko E na jumla ya chini iko mstari wa 12, andika pembeni:

```
=SUM(E4:E11)-SUM(B12:D12)
```

Jibu liwe 0. Likiwa ni kiasi cha mstari mmoja, kwa mfano posho za wahojaji, mara nyingi mstari huo uliongezwa baadaye na fomula ya jumla haikuufikia.

Lakini 0 haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kuwa ameandika fungu la taasisi kwa mkono. Jaribu hivi: punguza mshahara wa mwaka wa pili kwa 1,000. Jumla kuu inapaswa kushuka kwa 1,080. Ikishuka kwa 1,000 tu, kuna tarakimu iliyokaa mahali pa fomula. Itafute, kisha rudisha mshahara ulivyokuwa kabla ya kunakili jumla kwenye ukurasa wa mbele wa andiko.