Tiyo ikipasuka Bukavu: yanayosemwa na ukweli wake

"Mchana haikuvuja, basi imeshika."

Kauli hii kuhusu kiraka cha tiyo ndiyo inayodanganya wengi, hasa wanaokaa chini karibu na ziwa. Bukavu ni mji wa miteremko, na kila mita 10 ambazo maji yanashuka kutoka kwenye tangi huongeza takriban bari 1 ya shinikizo. Nyumba iliyo mita 40 chini ya tangi inaweza kupata bari 4, yaani kama kilo 4 zinazosukuma kila sentimita mraba ya tiyo. Mchana huwezi kuzihisi, kwa sababu robine nyingi za mtaa ziko wazi na nguvu inapotea njiani. Usiku watu wakifunga, shinikizo lote linarudi, na kiraka kilichoonekana kizuri saa nane mchana kinaruka saa nane usiku.

Kwa hiyo kiraka hupimwa usiku. Fungua vane polepole, robine moja ikiwa wazi ili hewa itoke, kisha ufunge robine hiyo. Futa tiyo vizuri, izungushie karatasi kavu ya chooni juu ya kiraka na chini yake, uiangalie tena kabla ya kulala na alfajiri. Karatasi itaonyesha unyevu ambao jicho halioni.

"Tiyo ya nusu inchi inataka kolie ya milimita 13."

Hapana. Kwenye tiyo ya chuma, nusu inchi ni jina linalotokana na upana wa ndani. Kwa nje ina takriban milimita 21, ya robo tatu ina 27, ya inchi moja karibu 34. Tiyo za plastiki, kinyume chake, mara nyingi huitwa kwa kipimo cha nje: 20, 25, 32. Kolie hukaa nje, basi pima nje. Huna kipimio? Zungusha uzi, upime urefu wake, ugawanye kwa 3.14.

Tuchukue tiyo ya chuma ya nusu inchi, kule Nguba, iliyopasuka sentimita 3 kwa urefu. Funga vane, fungua robine ya chini kabisa maji yaishe. Kwangua kutu kwa brashi ya waya. Mpira wa kolie uvuke ufa angalau sentimita 2 na nusu kila upande, kwa hiyo tafuta wa sentimita 8 au zaidi. Katikati ya mpira ikae juu ya ufa, na pale ncha za mpira zinapokutana pawe upande wa pili. Boliti zikazwe kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Ukimaliza moja kwanza, kolie inakaa upande na maji yanapata mlango.

Ukikosa kolie ya namna hiyo, mpira wa ndani wa tairi unafaa: kata utepe, uvute ukiuzungusha mara tatu, kisha ubane kwa kolie ndogo za skrubu, moja juu ya ufa na nyingine kila upande. Waya mtupu ni wa dharura tu, maana unakata mpira.

Kukaza kwa nguvu zote si ustadi. Tiyo ya zamani iliyoliwa na kutu imekuwa nyembamba, na ikibanwa sana inabonyea, ufa unaongezeka. Ukiigonga taratibu ikabonyea au kutoboka pembeni, acha kiraka. Kipande hicho kinakatwa.

"Epoksi unaibandika hata maji yakitoka."

Epoksi ni gundi ya kukanda. Ziko za kutumia penye unyevu, lakini maji yanayoruka kwa shinikizo yanaisukuma kabla haijaganda. Funga maji, kausha, paruza kwa msasa. Kata kiasi, kanda mpaka rangi mbili ziwe moja bila mistari. Una dakika chache tu, basi kandia karibu na tiyo. Sukuma ndani ya ufa, panua sentimita 2 kila upande, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Mara nyingi ni saa nzima au zaidi kabla ya kurudisha maji, na baridi ya usiku inaurefusha. Kwenye tiyo nyeusi laini ya poliethilini haishiki vizuri. Inabanduka kama ganda. Hapo tumia kolie.

"Maji yanatoka tu, hakuna kinachoingia."

Maji yanapokatwa, tiyo inabaki tupu na kuvuta kutoka nje. Ufa ulio ndani ya matope au karibu na mfereji unanyonya uchafu huo, na Kivu Kusini kipindupindu ni jambo la kila mwaka. Baada ya kuziba, mwaga maji mpaka yawe meupe, na ya kunywa yachemshwe maadamu kiraka bado kipo.