Initialize Disk: maana yake, na kwa nini ubonyeze Cancel

Umechomeka diski ya nje yenye picha za miaka mingi, ukafungua Disk Management, na Windows inakuletea kidirisha cha Initialize Disk kinachotaka uchague MBR au GPT, aina mbili za jedwali la partisheni. Bonyeza Cancel.

Initialize hapa maana yake ni kuandika jedwali jipya la partisheni, yaani la sehemu ambazo diski imegawanywa, mwanzoni mwa diski. Jedwali hilo ndilo linaloonyesha partisheni inaanzia sekta gani na kuishia wapi. Faili zenyewe zimekaa mbali nalo. Windows ikishindwa kulisoma, huichukulia diski kuwa mpya kabisa, ndipo inapouliza. Ukikubali, faili hazifutwi papo hapo, ila alama za jedwali la zamani zinafunikwa. Hatari kubwa zaidi ni kufomati kunakofuata.

Bonyeza Win+R, andika `diskmgmt.msc` kufungua Disk Management, uangalie ukubwa. Diski ya TB 1 huonekana kama 931.51 GB. Ukubwa ukiwa sahihi, yaelekea ni jedwali tu lililoharibika, mathalani kwa kuchomoa waya wakati diski ikiandika. Ukubwa usipoonekana, badilisha waya na tundu la USB. Diski ikigongagonga kwa ndani, izime umpelekee fundi wa kuokoa data, maana kila dakika inayozunguka inaweza kuikwangua zaidi. Na kama umeihamishia kasha lingine, irudishe kwenye la awali kwanza: baadhi ya makasha huhesabu sekta za baiti 4096 badala ya 512, na jedwali zima likawa halieleweki.

Tuseme ni hiyo ya TB 1 yenye ukubwa sahihi, iliyokuwa na MBR na partisheni moja ya NTFS. Fungua TestDisk, programu ya bure ya kurudisha partisheni zilizopotea, kama msimamizi wa kompyuta, chagua diski kwa kutazama ukubwa wake, kisha `Intel` (ingekuwa ya GPT ungechagua `EFI GPT`), halafu `Analyse` na `Quick Search`. Partisheni ikipatikana, mara nyingi mwanzo wake husomeka `0 32 33`, yaani sekta ya 2048. Bonyeza `P`. Hapa ndipo utakapojua ukweli: majina ya folda zako yakitokea, partisheni ni yenyewe. Yasipotokea, usiandike chochote. Rudi nyuma ujaribu `Deeper Search`.

Kabla ya kurekebisha, nakili. Bonyeza `a` kuchagua vyote, kisha `C`, uvipeleke kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Fungua picha kadhaa uhakikishe ni nzima. Baada ya hapo ndipo urudi kwenye orodha ya partisheni, ubonyeze Enter, uchague `Write` na kuthibitisha kwa `Y`. Chomoa diski kwa usalama, uichomeke tena. Herufi yake inapaswa kurudi.

Kuna hali moja ambapo hakuna kilichoharibika: diski nzima iliyosimbwa kwa VeraCrypt, programu ya kufunga data kwa nywila. Windows haioni jedwali lolote ndani yake, hivyo huuliza kila ukifungua Disk Management ikiwa imechomekwa. Hiyo bonyeza Cancel, uifungue kwa VeraCrypt na nywila yako.