Kwa hiyo au kwahiyo? Hapa sikio halisaidii

"Kesho hakuna maji, kwahiyo jazeni mitungi leo." Tangazo kama hili likibandikwa kwenye lango la ploti hapa Nairobi, kila mpangaji atalielewa. Lakini Kiswahili sanifu huandika kwa hiyo, maneno mawili. Huandika vivyo hivyo "kwa hivyo", ambalo Wakenya wengi tunalipenda zaidi, pamoja na kwa nini na kwa sababu. Mwanafunzi akiandika "kwasababu" kwenye insha, mwalimu huhesabu kosa la tahajia.

Dhana: Linatamkwa kwa mkupuo mmoja, basi ni neno moja.

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka kwa hiyo: mkazo uko kwenye hi. Sasa jifanye ni neno moja, kwahiyo: mkazo uko palepale. Kwa ni silabi moja tu, haina mkazo wake, na huliegemea neno linalofuata. Kwa hivyo sikio haliwezi kukuambia nafasi iko wapi, na ndiyo sababu makosa yamejaa mahali hapa hasa: kwahiyo, kwanini, kwasababu.

Linganisha na mwana wangu. Yakiwa mawili yana mikazo miwili, MWAna WAngu. Yakiungana tunapata mwaNAngu: silabi moja imedondoka na mkazo umehama. Juma na mosi nayo yaliposhikana yakawa JumaMOsi, yakabaki na mkazo mmoja. Huo ni muungano unaosikika.

Palipo na kwa, basi, pima maana. Hiyo ni kiashiria cha ngeli ya I-ZI, na nomino yake imeachwa tu kwa kuwa inaeleweka. Irudishe: "Kesho hakuna maji, kwa sababu hiyo jazeni mitungi leo." Sentensi inasimama vizuri, maana yake pale katikati pana nafasi ya neno jingine kuingia. Kisha badilisha hiyo yenyewe. Msemaji akimaliza hotuba husema "kwa hayo machache, naomba kuketi". Mwingine atasema "kwa hilo, nakushukuru". Kiashiria kinachobadilika kufuata ngeli hivyo bado ni neno huru.

Kuna na hasara ya kweli ya kuunganisha. Chukua "Kwa hiyo pesa uliyopewa, nunua unga." Ukiandika "Kwahiyo pesa uliyopewa", msomaji ataanza kusoma kana kwamba umesema "basi", kisha ajikwae kwenye pesa na kulazimika kurudi nyuma.

Dhana: Kwamba, kwanza na kwaheri yameungana, kwa nini kwahiyo lisiungane?

Kwamba na kwanza hayana kwa ndani yake. Kwamba ni ku- na amba, kitenzi cha kale chenye maana ya kusema, ambacho mzizi wake bado tunao katika ambaye na ambalo. Kwanza ni ku- na anza. U ilipokutana na a ikageuka w.

Kwaheri ni kisa tofauti, na ndicho kinachoonyesha vizuri jinsi kifungu kinavyogeuka kuwa neno. Kwa na heri yamo kweli. Lakini ukiwaaga watu wengi unasema kwaherini, ukiibandika -ni mwishoni mwa kitu chote kama unavyofanya katika karibuni. Kifungu kimeanza kuvaa kiambishi kama neno moja. Palipo na maana ya heri yenyewe, kama katika "waliachana kwa heri, bila ugomvi", maneno hubaki mawili.

Kwani limeenda mbali zaidi. Asubuhi jirani akikuuliza "Kwa nini hujatoka?", anataka sababu. Akisema "Kwani hujatoka?", anashangaa kukukuta nyumbani, na jibu la "ndiyo, bado" linamtosha. Maana imejitenga na ya kifungu cha kwanza, na ukirudisha nini unapata swali jingine kabisa.

Dhana: Basi kwa hiyo halitaungana kamwe.

Hilo nalo ni kosa. Mtu akikukatiza kwa "Kwa hiyo?" na kunyamaza, akitaka uendelee, ni vigumu kuiona tena ile sababu iliyoachwa. Matumizi haya yanaelekea njia ya kwani. Lakini kwa sasa majaribio ya hapo juu bado yanafaulu, na katika insha, barua au habari andika mawili.

Ukisahihisha maandishi marefu kwenye kompyuta, tafuta `kwahi`, ambayo itanasa kwahiyo na kwahivyo kwa pamoja, kisha `kwanini` na `kwasababu`. Usiagize kila `kwa` ifuatwe na nafasi: utapata "kwa mba" na "kwa nza", na kuyarekebisha hayo kutakula muda kuliko kosa la kwanza.