Mstari wa Eyring: dhana potofu zinazoharibu entropi

Kila muhula napokea grafu za Eyring, zinazotoa enthalpi na entropi ya uamilishaji kutokana na kasi ya mmenyuko kwenye joto tofauti, kutoka kwa vijana ninaowasimamia maabara hapa Mwanza, na karibu zote zina mstari mzuri, ulionyooka. Enthalpi ya uamilishaji huwa inakaribia ukweli. Entropi ndiyo hunifanya nirudishe daftari. Nitatumia mmenyuko mmoja tu, ethili asetati na sodiamu hidroksidi, kuonyesha makosa hayo yanakoingilia.

Tunafuata mmenyuko huu kwa kupima upitishaji umeme wa mchanganyiko. Ioni za hidroksidi hupitisha umeme vizuri kuliko ioni za asetati zinazochukua nafasi yake, kwa hiyo kipimo hushuka kadiri mmenyuko unavyoendelea, na kutokana na mshuko huo tunapata konstanti ya kasi, k. Chukua vipimo hivi: kwa nyuzi 15 k ni 0.059, kwa nyuzi 25 ni 0.114, kwa nyuzi 35 ni 0.213, na kwa nyuzi 45 ni 0.382, zote kwa lita kwa moli kwa sekunde. Kupata nyuzi 15 katika joto letu tunatumia barafu, ileile wanayohifadhia sangara.

Nadharia ya hali ya mpito, aliyoiandika Henry Eyring mwaka 1935, na mwaka huohuo Evans na Polanyi wakaifikia pia, inatupa mlinganyo huu:

```
ln(k/T) = -(ΔH‡/R)(1/T) + ln(kB/h) + ΔS‡/R
```

ΔH‡ ni enthalpi ya uamilishaji, ΔS‡ ni entropi yake, R ni konstanti ya gesi, 8.314, kB ni konstanti ya Boltzmann na h ni ya Planck. Unachora ln(k/T) kwenye mhimili wa wima na 1/T kwenye mhimili wa mlalo, T ikiwa kwa kelvini. Kwa vipimo vyetu mteremko ni −5405, na ukizidisha kwa 8.314 na kugeuza alama unapata enthalpi ya kilojouli 45 kwa moli. Mstari unakata mhimili wa wima kwenye 10.26. Toa ln(kB/h), ambayo ni 23.76, zidisha kwa 8.314, na entropi inakuwa −112 jouli kwa moli kwa kelvini.

Dhana: soma kikato pale mstari unapogusa ukingo wa kushoto wa karatasi.

Ukingo huo si sifuri. Vipimo vyetu vyote viko kati ya 0.00314 na 0.00347 kwenye mhimili wa mlalo, na grafu ya kompyuta huanzia hapohapo. Mwanafunzi mmoja alisoma −6.72 kwenye ukingo, akaiita kikato, akapata entropi ya −253. Kikato cha kweli kipo pale 1/T inapokuwa sifuri, yaani kwenye joto lisilo na mwisho, mbali mno na karatasi. Umbali kutoka sifuri hadi kipimo cha kwanza ni karibu mara kumi ya upana wa vipimo vyote. Kwa hiyo kikato hukokotolewa: chukua nukta iliyo juu ya mstari, weka thamani zake kwenye mlinganyo pamoja na mteremko, utafute kinachobaki.

Dhana: vizio vya k havina shida, mradi vifanane kote.

Kwa enthalpi, ni kweli. Ukiandika k kwa dakika badala ya sekunde, kila nukta inapanda kwa ln 60, yaani 4.09, mstari unahama mzima mzima na mteremko haubadiliki hata kidogo. Ndiyo maana kosa hili halijitangazi. Lakini kikato kimepanda kwa 4.09, na entropi imeruka kutoka −112 hadi −78. Ukitumia mita za ujazo badala ya lita, kikato kinashuka kwa ln 1000 na entropi inaenda takriban −170. Sekunde ni lazima, kwa sababu kB/h yenyewe iko kwa sekunde. Kuhusu ujazo, unachagua hali sanifu. Sisi tunatumia moli 1 kwa lita, na lazima uitaje unapoandika jibu. Entropi ya mmenyuko wa molekuli mbili isiyotajiwa hali sanifu haiwezi kulinganishwa na ya mtu mwingine.

Dhana: mteremko wa Eyring na ule wa Arrhenius ni kitu kimoja.

Vinakaribiana, havilingani. Arrhenius huchora ln k peke yake, na mteremko wake hutoa nishati ya uamilishaji, ambayo katika mmumunyo ni kubwa kuliko enthalpi kwa RT. Karibu na nyuzi 25 hiyo ni kilojouli 2.5 kwa moli.

Dhana: entropi hasi maana yake mmenyuko hautaki kwenda.

Hapa watu huchanganya entropi ya uamilishaji na entropi ya mmenyuko mzima. Hii yetu inalinganisha vianzio na hali ya mpito tu, yaani kilele cha nishati njiani kuelekea mazao. Haisemi lolote kuhusu mazao. Molekuli ya ethili asetati na ioni ya hidroksidi zilikuwa zinazunguka kila moja kivyake kwenye maji. Ili zifike kileleni lazima zishikane ziwe kitu kimoja, na uhuru wa kusafiri kivyake unapotea. Hiyo −112 inalingana na picha hiyo. Mmenyuko unakwenda vizuri tu, ila ungekwenda kwa kasi zaidi kama kushikana huko kusingegharimu uhuru.

Dhana: mstari ukinyooka, majibu ni sahihi.

Hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu kosa la kipimajoto linaweza kukaa ndani ya mstari ulionyooka kabisa. Nyuzi 1 ya kosa kwenye 45 inabadilisha k kwa kama asilimia 6. Kosa hilo likiwa upande wa juu peke yake, enthalpi inasogea kwa zaidi ya kilojouli 1 na entropi kwa zaidi ya jouli 4. Vyote viwili husogea pamoja, kwa sababu mstari ukiinama zaidi, kikato nacho hupanda.

Kijana mmoja alikuja na enthalpi 43.4 na entropi −118, nukta zote zimelala juu ya mstari. Nikamuuliza alivyopima joto.

“Mwalimu, kipimajoto kilikuwa kibovu. Nilikiweka kwenye maji yanayochemka kikasoma 96, kwa hiyo nikarekebisha vipimo vyote ili 96 iwe 100.”

“Na kwenye barafu inayoyeyuka?”

“Sifuri kamili.”

Kipimajoto kilikuwa kizima. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa hapa ni ndogo kuliko ya pwani, na maji ya Mwanza huchemka karibu na nyuzi 96. Marekebisho yake yaligeuza 15 kuwa 15.6 na 45 kuwa 46.9. Mtawanyo wa joto ukatanuka, mteremko ukalegea, na kikato kikashuka. Hakuna nukta iliyotoka nje ya mstari, kwa kuwa kosa lilikua polepole kutoka chini hadi juu.

Tulifuta marekebisho, tukakokotoa upya mbele yake, na 45 na −112 zikarudi. Alichukua kipande cha plasta, akaandika “Mwanza: maji huchemka 96”, akakibandika kwenye boksi la vipimajoto.