Picha ya jedwali la mishahara: kabla hujajumlisha, hakiki kila mstari

Mteja wangu mwenye karakana hunitumia jedwali la mishahara kwa WhatsApp, limepigwa picha mezani, kivuli cha mkono kikiwa juu ya nusu ya tarakimu. Siku hizi namwambia alitume kama dokumenti, maana likitumwa kama picha hubanwa, kisha 8 hugeuka 3.

Nikiwa nayo, nanakili kwenye Excel safu nne kwa kila mfanyakazi: mshahara ghafi, NSSF, PAYE na anachopokea mkononi. Hicho cha mkononi wengi hukiruka kwa kuwa hakipelekwi popote. Mimi ndicho shahidi wangu.

```
=IF(B2-C2-D2=E2,"sawa","rudi")
```

Mwezi mmoja walikuwa wanne. Mstari wa pili nilisoma 630,000, NSSF 68,000, PAYE 38,400, mkononi 573,600. Fomula ikasema rudi. Mchango wa mfanyakazi ni asilimia 10, kwa hiyo 68,000 inatokana na 680,000, na hesabu ikakaa sawa. Kosa lilikuwa la jicho langu.

Mstari wa kwanza ulinitoa jasho zaidi: 400,000, NSSF 40,000, PAYE 10,400, mkononi 349,600. Fomula ikasema sawa. Lakini NSSF hutolewa kwanza, ndipo kodi ikokotolewe. Inabaki 360,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara, 270,000 za mwanzo hazitozwi, na inayozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Kodi ya 90,000 ni 7,200. Aliyeandaa jedwali alikokotoa kwenye ghafi. Kwa hiyo ninakuwa na safu nyingine ya PAYE niliyoikokotoa mwenyewe, kando ya ile ya kwenye picha.

Kosa la namna hii silirekebishi kimyakimya. Nilimpigia mhasibu wao. "Mishahara haijalipwa bado," akasema, "nitumie mstari huo niurudie." Kama ingekuwa imeshalipwa, mfanyakazi angekuwa anadai 3,200 zake.

Wawili waliobaki, wa 850,000 na 1,200,000, walikuwa sawa: PAYE 69,250 na 152,000. Sasa ndipo nikajumlisha. Ghafi 3,130,000, NSSF ya wafanyakazi 313,000, PAYE 266,850, mkononi 2,550,150. Ukitoa safu mbili za makato kwenye ghafi, unaipata ya mwisho.

Kiasi cha kupeleka NSSF si 313,000. Mwajiri naye ana asilimia 10 yake, ambayo mara nyingi haimo kwenye jedwali kwa sababu haikatwi kwa mtu. Jumla ni 626,000. PAYE inakwenda TRA kabla ya tarehe 7 kupita mwezi unaofuata. SDL, yaani tozo ya kuendeleza ufundi stadi, hawakudaiwa, kwani hawafiki wafanyakazi 10.

Picha ya awali naihifadhi pamoja na mstari uliorekebishwa. Mkaguzi akiuliza kwa nini jumla ya PAYE kwenye picha ni 270,050, namwonyesha ile 3,200.